Kitu Kimekaa Kooni Lakini Chakula Kinapita: Lini Usihofu, Lini Ukapimwe

Unahisi donge, unyoya, au kidonge kilichogoma kushuka, mahali fulani kati ya kikoromeo na kile kishimo kilicho juu ya kifua. Ukimeza mate, halishuki. Ukijikohoza, halitoki. Unakaa mezani, unakula wali na samaki, chakula kinapita bila taabu na lile dude unalisahau kabisa. Dakika chache baada ya kunawa mikono, limerudi.

Hali hiyo ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1982 uliwauliza watu wenye afya zao, wasio wagonjwa wa hospitali, na asilimia 46 hivi wakasema wamewahi kuhisi donge kooni. Wengi hawamwambii mtu. Wanaofika kliniki ya masikio, pua na koo ni wale ambao donge limekaa wiki nyingi, na karibu wote wana swali moja moyoni ambalo hawalitoi mpaka waulizwe: je, hii ni saratani?

Mara nyingi jibu ni hapana, na unaweza kulikaribia ukiwa nyumbani kwako kabla hujalipa nauli. Lakini wapo wachache ambao jibu lao ni "twende tukaangalie haraka". Kinachoyatenganisha makundi haya mawili ni namna chakula kinavyopita, zaidi ya ukubwa wa donge au muda lililokaa.

Koo linavyojidanganya

Pale koo linapoishia na umio unapoanza pana msuli wa mviringo unaokaa umefunga muda wote. Kazi yake ni kuzuia hewa isiingie tumboni na vya tumboni visipande kooni. Unapomeza, hulegea kwa chini ya sekunde moja, kisha hufunga tena. Ukikaza kuliko kawaida, au ngozi laini iliyo juu yake ikiwa imewashwa kidogo, ubongo husoma mkazo huo kama kitu kilichokaa pale. Hakuna kitu, lakini hisia ni ya kweli kabisa. Mtu asikuambie "unajisingizia".

Jaribu sasa hivi: meza mate mara tano mfululizo, haraka, bila kunywa kitu. Mara ya nne au ya tano utaona koo limekataa, na pengine utahisi kijidonge. Umekitengeneza mwenyewe, kwa sababu mate yamekwisha na msuli hauna cha kushusha. Sasa fikiria mtu mwenye wasiwasi anayemeza mate namna hiyo mchana kutwa ili ahakikishe kama donge bado lipo. Hapo ndipo duara linapojifunga: anameza kupima, kumeza kunalikuza donge, naye anazidi kumeza. Kujikohoza ni kubaya zaidi, maana kila unapojikohoza nyuzi za sauti zinagongana, zinavimba kidogo na kutoa ute wa kujikinga, na ule ute ndio unaokufanya ujikohoze tena.

Kinachoanzisha duara hutofautiana. Kwa wengine ni mafua yaliyopita yakaacha koo kavu, au makamasi yanayoteremka nyuma ya pua. Kwa wengine ni asidi ya tumbo inayopanda. Kwa wengi ni majonzi au mashaka: msiba, deni, ndoa inayoyumba, kilio kilichozuiwa mbele ya watu. Mara nyingi mambo mawili hukutana, na hapo hakuna haja ya kubishana kama ugonjwa ni "wa mwili" au "wa mawazo".

Hatua ya kwanza: angalia sahani yako kwa wiki moja

Usibadili chakula. Kula kama kawaida, na hakikisha ndani ya wiki hiyo umekula vitu vigumu: ugali mkavu, nyama, chapati, mkate usiochovywa. Kisha jiulize: tonge linapita kwa mara moja? Je, nanyanyua glasi ya maji kulisukuma? Wenzangu wanamaliza mimi nikiwa nusu ya sahani? Kuna chakula nilichokiacha bila kupanga?

Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Anayeziba umio polepole hajui kuwa anaziba, kwa sababu anajizoesha. Anatafuna zaidi, anaongeza mchuzi, anahama kutoka nyama kwenda maharage, kutoka maharage kwenda uji. Ukimuuliza kama anameza vizuri atakujibu ndiyo, naye hasemi uongo, kwa kuwa uji unapita. Kliniki tunaona mara nyingi baba akikana kuwa na shida yoyote mpaka mkewe aliyekaa pembeni aseme, "Daktari, huyu nyama aliiacha tangu Pasaka." Basi muulize anayekula nawe. Yeye huona usichokiona.

Donge lisilo na hatari lina tabia zake. Linakaa katikati au linahamahama. Haliumi. Linasumbua zaidi ukimeza mate kuliko ukimeza tonge, na linapungua au kupotea wakati wa kula. Linakuja na kwenda. Siku yenye shughuli nyingi hulioni, jioni ukitulia limekaa. Uzito wako haubadiliki. Vigezo vya kimataifa vya magonjwa ya aina hii, vilivyorekebishwa mwaka 2016, vinataka pia dalili ziwe zimedumu miezi mitatu, lakini hiyo ni kanuni ya utafiti zaidi. Huhitaji kusubiri miezi mitatu ndipo uonwe.

Hatua ya pili: kioo na vidole

Simama mbele ya kioo penye mwanga, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji huku ukitazama chini ya kikoromeo. Kama kuna uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza, huenda ni rovu, ambalo hospitalini wengi huliita goita. Kwa watu wa maeneo ya milimani si jambo geni, na rovu kubwa linaweza kweli kuleta hisia ya kubanwa. Mengi si saratani, ila linahitaji kupimwa.

Kisha kwa vidole vilivyonyooka, bila kubinya, pita chini ya taya, ubavuni mwa shingo, mpaka juu ya mitulinga. Unatafuta uvimbe mgumu, wa upande mmoja, usiouma, unaozidi wiki hadi wiki. Hapa watu hujitisha bure. Chini ya taya kila mtu ana tezi za mate, laini, kulia na kushoto. Juu ya kikoromeo kila mtu ana mfupa mdogo uliopinda kama kwato. Pembeni kuna mshipa unaodunda. Ulichonacho pande zote mbili, sawasawa, kwa kawaida ni chako cha kuzaliwa. Fanya ukaguzi huu mara moja, kisha uache. Anayejibonyeza kila siku hupata maumivu ya kujibonyeza, halafu akayahesabu kuwa dalili mpya.

Dalili za kukufanya usingoje

Yapo mambo matatu ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo: kupumua kwa shida au kwa mlio, kushindwa kumeza hata mate yako yakawa yanachuruzika, na midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla baada ya chakula, dawa au kuumwa na mdudu. Hayo si donge la mawazo.

Mwiba wa samaki una habari yake. Kama hisia ilianza ghafla ukiwa unakula, inachoma, na unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja ilipo, nenda siku hiyo hiyo ukaangaliwe. Usimeze matonge makubwa ya ugali au ndizi kuusukuma: mwiba uliokuwa juu juu unaweza kuzamishwa ndani. Mara nyingi mwiba unakuwa umeshapita na kilichobaki ni mkwaruzo unaopoa kwa siku moja au mbili, lakini hilo huwezi kulijua bila kutazamwa.

Mengine hayahitaji mbio za usiku, yanahitaji miadi ndani ya siku chache. La kwanza ni chakula kukwama, hata kama ni nyama tu. Kinachotisha zaidi ni mpangilio wake: kwanza vigumu, kisha vilaini, kisha maji. Kisha kuna maumivu wakati wa kumeza, ambayo kwa mtu mwenye VVU asiyetumia dawa mara nyingi huwa ni fangasi ya umio, na hutibika. Sauti kukwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua ni dalili ya kutazamwa nyuzi za sauti, iwe ni kivimbe, kifua kikuu cha koo au saratani. Maumivu ya upande mmoja tu wa koo, hasa yakipiga mpaka sikioni wakati sikio lenyewe ni zima, yasipuuzwe hata kidogo: koo na sikio hutumia baadhi ya mishipa ya fahamu kwa pamoja, na saratani ya nyuma ya koo inaweza kujitangaza hivyo. Ongeza hapo kupungua uzito bila kukusudia, kutema damu, kupaliwa mara kwa mara, chakula cha jana kurudi kikiwa hakijasagika, na ule uvimbe wa shingo uliouona kwenye kioo.

Baadhi ya miongozo ya Ulaya huweka umri fulani kama mstari wa kuongeza tahadhari. Kwetu mstari huo usikupe usingizi. Afrika Mashariki ipo kwenye ukanda wenye saratani nyingi ya umio, na kule magharibi ya Kenya, Bomet na maeneo jirani, imekuwa ikionekana hata kwa vijana walio chini ya miaka 30. Kijana wa miaka 27 anayesema nyama inamkwama asiambiwe ni mdogo mno kuugua. Sigara, ugoro na pombe kali za kienyeji huongeza hatari, na mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani ya umio. Chai haina kosa. Kosa ni kuinywa ikiwa bado inafoka. Iache ipoe dakika chache.

Hatua ya tatu: ukifika kwa daktari

Nichukue mfano niliouchanganya kutoka kwa wagonjwa wa aina hiyo. Mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 34, ana donge kooni wiki ya kumi sasa. Lilianza mwezi mmoja baada ya kumzika mama yake. Amekwisha kunywa antibayotiki mara mbili kutoka duka la dawa, amepimwa bakteria wa vidonda vya tumbo na kupewa dozi, na jirani amemwambia ana kimeo kirefu kinachopaswa kukatwa.

Daktari anamwuliza, "Mwalimu, ukila ugali na nyama, hilo dude linazidi au linapungua?"

"Linapotea, daktari. Nikimaliza tu linarudi."

"Sauti?"

"Jioni inachoka, asubuhi iko sawa."

Kiungulia anacho mara mbili au tatu kwa wiki, hasa akichelewa kula usiku. Uzito uleule. Havuti sigara. Shingo haina uvimbe. Daktari anamtazama kinywa na koo, kisha anapitisha kamera nyembamba puani mpaka juu ya nyuzi za sauti. Kipimo hiki hufanywa ukiwa umekaa, kwa dawa ya ganzi ya kupuliza, na huchukua dakika chache. Kinachosumbua ni macho kutoa machozi na ladha chungu ya ganzi. Nyuzi za sauti ni safi na zinatembea vizuri pande zote mbili. Imekwisha.

Hapo wagonjwa wengi huhisi wamepunjwa. Wanataka kamera ya tumboni, eksirei ya kumeza dawa nyeupe, picha ya shingo. Kwa mtu mwenye historia ya mwalimu huyu vipimo hivyo karibu kila mara havionyeshi lolote la kubadili tiba, na gharama yake mfuko unaihisi. Kamera ya umio inayo nafasi yake: pale chakula kinapokwama, uzito unapopungua au kunapokuwa na upungufu wa damu usioelezeka. Katika hali hiyo usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya kiungulia peke yake, maana kamera ya puani haiuoni umio wote.

Jiandae kwa maswali manne tu: lilianza lini, linafanyaje ukila, sauti ikoje, uzito ukoje. Ukiyajibu hayo vizuri umemsaidia daktari kuliko faili zima la vipimo vya nyuma.

Kuhusu kimeo: kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa kina urefu tofauti kwa kila mtu, na hakiwezi kuleta donge linalohisiwa chini ya kikoromeo. Wanaokwenda kukatwa na waganga wa mitaani hurudi na damu isiyokoma, usaha, wakati mwingine pepopunda. Donge lenyewe wanalikuta palepale.

Hatua ya nne: kulivunja duara

Mwalimu anaondoka na kazi ya wiki sita. Kazi kubwa ni kuacha kujikohoza. Kila hamu inapokuja, anakunywa funda dogo la maji, analimeza taratibu kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Kama hana maji, anaguna kwa mdomo uliofungwa, "mmm", kwa sauti ya chini kwa sekunde tano. Wiki ya kwanza ni ngumu na donge linaweza kuonekana kuzidi. Anayejua hilo mapema hakati tamaa. Na asimeze mate kwa kupima. Mate yakija yenyewe, yamezwe, yasiitwe.

Asubuhi na jioni anafanya mazoezi ya dakika tano. Anapandisha mabega mpaka masikioni, anayaachia. Anageuza kichwa taratibu kulia na kushoto. Kisha anapiga mwayo wa makusudi, mdomo wazi kabisa, na kuushusha kwa "haaa" ndefu. Mwayo hufungua koo na kukishusha kikoromeo, jambo ambalo huwezi kuliamuru kwa nia tu. Mazoezi ya namna hii ndiyo wanayofundisha wataalamu wa tiba ya sauti, na ni tiba yenye faida kwa wengi. Wataalamu hao ni wachache katika hospitali zetu, ila mwayo hauhitaji rufaa.

Kwa kuwa ana kiungulia, anamaliza chakula cha usiku muda wa masaa matatu kabla ya kulala na anainua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa vipande vya mbao au matofali, sentimita 15 hadi 20. Mito miwili haitoshi, inamkunja tumbo tu. Anapewa omeprazoli miligramu 20, moja kila asubuhi, dakika 30 kabla ya chai, kwa wiki nne hadi nane, kisha inasimamishwa. Dawa ya maji ya alginati baada ya mlo na kabla ya kulala nayo humfaa mwenye asidi inayopanda.

Kwa asiye na kiungulia, mimi siungi mkono kumpa vidonge hivyo miezi na miezi. Uingereza walilipima jambo hilo: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu 346 wenye usumbufu wa koo uliodumu waligawanywa, wengine wakapewa lansoprazoli mara mbili kwa siku kwa wiki 16, wengine vidonge visivyo na dawa. Pande zote mbili zilipata nafuu, kwa kiasi kilekile. Antibayotiki ndiyo kabisa, haina kazi hapa.

Nalo jambo la mama yake linazungumzwa. Si lazima kwa mshauri nasaha. Dada yake wa damu anatosha, au mtu wa msikitini au kanisani anayejua kusikiliza. Akikosa usingizi, akipoteza hamu ya mambo, akilia kila siku, hapo anahitaji kutibiwa huzuni yenyewe, na donge mara nyingi hufuata nyuma.

Kurudi

Wiki ya tatu donge linakuja jioni tu. Wiki ya sita lipo siku anazokuwa na wazazi wakali shuleni. Huo ndio mwendo wa kawaida: halikatiki kama uzi, linafifia, na kwa baadhi ya watu hurudirudi kwa miaka bila kuwadhuru. Kurudi kwake pekee si sababu ya kurudia vipimo.

Sababu ni kubadilika kwa tabia yake. Lililokuwa katikati limehamia upande mmoja na limekaa hapo. Lililokuwa haliumi sasa linauma. Lililokuwa linapotea ukila sasa linakufanya uache nyama. Sauti imekwaruza wiki ya nne. Likitokea lolote kati ya hayo, hata kama uliangaliwa miezi mitatu iliyopita na ukaambiwa uko salama, rudi ukaanze upya, na mwambie daktari kwanza kilichobadilika.